Miezi 4 au miezi 8: chupa ipi inamfaa mtoto wa miezi 7 aliyezaliwa mapema?

*Habari za kazi, mtaalamu. Kijana wangu ametimiza miezi 7 na wiki 1, ila alizaliwa wiki 5 kabla ya tarehe yake. Ananyonya vizuri, ana kilo 6.8, shingo imekaza na anakaa akiegemezwa. Chakula ameanza wiki mbili zilizopita. Nimeletewa chupa mbili za chakula cha watoto. Moja ni ya matunda na karoti, imeandikwa "kuanzia miezi 4". Nyingine ni ya mboga na kuku, imeandikwa "kuanzia miezi 8" na ina vipande vidogo. Nimekutumia picha za lebo zote mbili. Kwa umri wake nimpe ipi, au nisubiri kwanza?*

Salama kabisa, mama. Umefanya vizuri kutuma picha za lebo, kwa sababu bila hizo ningekujibu kwa kubahatisha.

Mpe ile ya miezi 8, lakini iponde kwanza kwa uma, na unaweza kuanza leo. Ile ya miezi 4 itumie kama kionjo cha vijiko viwili au vitatu baada ya chakula chenyewe, usiifanye mlo. Najua jibu hili linakwenda kinyume na namba zilizoandikwa kwenye vifuniko, kwa hiyo naomba nikueleze nilivyolifikia, ili chupa ya tatu na ya nne uweze kuzipima mwenyewe.

Tuanze na hiyo namba. Wazazi wengi huisoma kama vile ni matokeo ya kipimo, kana kwamba kuna mtu aliyechunguza chakula hiki akagundua kwamba tumbo la mtoto wa miezi 4 linakihitaji. Sivyo ilivyo. Namba hiyo inaeleza zaidi ulaini wa chakula: kimesagwa kabisa, kimesagwa nusu, au kina vipande. Nyuma yake pia kuna sheria ya mahali kilipotengenezwa au kinapouzwa. Umoja wa Ulaya, kwa mfano, katika kanuni zake za mwaka 2006 unamtaka mtengenezaji aandike umri ambao mtoto anaweza kuanza kula chakula hicho, na umri huo usipungue miezi 4. Ndiyo maana namba 4 utaikuta kwenye chupa nyingi sana. Shirika la Afya Duniani linasema tofauti: mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi 6, halafu aanze chakula cha nyongeza huku akiendelea kunyonya. Mwaka 2016 shirika hilo likatoa mwongozo kwamba vyakula vya namna hii visitangazwe kabisa kuwa vinafaa mtoto aliye chini ya miezi 6. Kwa hiyo mtu akikuuliza kama mtoto wa miezi 4 na nusu anafaa kupewa chupa ya "kuanzia miezi 4", jibu langu ni hapana, asubiri, isipokuwa daktari wake ana sababu ya kiafya ya kuanza mapema.

Wa kwako amevuka miezi 6, lakini amezaliwa kabla ya wakati, na hapo ndipo swali lako linapokuwa zito kuliko linavyoonekana. Mtoto wa namna hii ana umri wa aina mbili, na kila mmoja una kazi yake.

Umri wa kwanza ni ule uliosahihishwa, yaani unaohesabiwa kutoka tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa. Miezi 7 na wiki 1 ni takribani wiki 31 na nusu. Ukitoa zile wiki 5, zinabaki wiki 26 na nusu, ambazo ni miezi 6 na siku chache. Huu ndio umri wa kuangalia mambo ya misuli na mishipa ya fahamu: kushika kichwa, kukaa, kuusogeza ulimi, kutafuna na kumeza. Mambo hayo hukomaa kwa ratiba yake, na kuzaliwa mapema hakuyaharakishi. Kwa hiyo unapojiuliza kama kinywa cha mwanao kinaweza kumudu vipande, mfikirie kuwa ni mtoto wa miezi 6. Ndiyo sababu nimesema uponde.

Umri wa pili ni ule wa kuzaliwa, miezi 7 na wiki 1, na huu ndio wa kuangalia madini ya chuma. Mtoto hupewa sehemu kubwa ya akiba yake ya chuma na mama katika miezi 3 ya mwisho ya mimba. Aliyetimiza wiki 40 huzaliwa na akiba inayoweza kumfikisha karibu miezi 6. Aliyetoka wiki 5 mapema amekosa sehemu ya akiba hiyo, na tangu siku aliyozaliwa amekuwa akiitumia. Maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo sana, chini ya miligramu 1 katika lita nzima. Kwa hesabu ya chuma, basi, kijana wako hana nafasi ya kungoja mpaka "atimize miezi 8 sawasawa". Anahitaji chakula chenye nguvu sasa hivi, katika hali ambayo kinywa chake kinakimudu.

Ukishaelewa umri huo wa aina mbili, lebo zako zinasomeka kwa urahisi.

Niichukue kwanza ile ya matunda na karoti. Orodha ya viambato huandikwa kwa uzito, kinachozidi kikitangulia. Yako inasema tofaa asilimia 60, karoti asilimia 30, kisha juisi ya zabibu iliyokolezwa. Hiyo juisi iliyokolezwa, mama, ni sukari yenye jina la tunda. Imechemshwa maji yakatoka, ukabaki utamu. Mtengenezaji anaweza kuandika kwa mbele kwamba "hakuna sukari iliyoongezwa" na bado ikawemo, kwa hiyo maandishi ya mbele usiyategemee, soma yale madogo ya nyuma. Kwenye jedwali la virutubisho naona kilokalori 48 kwa kila gramu 100, sukari gramu 10.5, protini karibu na hakuna, mafuta karibu na hakuna.

Kilokalori 48 ni namba ya kusimama nayo kidogo. Maziwa yako yana takribani 65 hadi 70 kwa gramu 100. Maana yake ni kwamba chakula hiki, ingawa kinaonekana kizito kwenye kijiko, ni chepesi kuliko maziwa kinayochukua nafasi yake. Tumbo la mtoto ni dogo. Kwa makadirio yanayotumika sana hubeba kama gramu 30 kwa kila kilo ya uzito wake, yaani kwa kilo 6.8 ni karibu gramu 200 kwa mkao mmoja. Chupa yako ya gramu 120 ingejaza zaidi ya nusu ya nafasi hiyo na kumpa kilokalori 58 tu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 anayenyonya vizuri anahitaji kama kilokalori 200 kwa siku kutoka kwenye chakula, juu ya zile za maziwa. Kuzipata kwa chakula hiki angelazimika kula chupa tatu na nusu, halafu akose hamu ya titi, na kesho yake akatae chochote kisicho kitamu. Chuma hakimo cha kutajika.

Sikuelezi haya ili uitupe. Vijiko viwili au vitatu vya tunda baada ya mlo havina ubaya, na vitamini C ya kwenye tunda, pale ilipo, husaidia kufyonza chuma cha nafaka na kunde kilicholiwa pamoja nayo. Ila mtu akiniuliza kama chupa hii "inamfaa", nitamjibu kwamba koo lake linaimudu na mwili wake haupati kitu cha maana.

Sasa ile ya mboga na kuku. Viambato ni karoti, maji, viazi, kuku asilimia 8, mchele, mafuta ya alizeti, wanga wa mahindi. Nishati ni kilokalori 71 kwa gramu 100, protini gramu 2.7, mafuta gramu 2.6, sodiamu miligramu 30. Chupa ina gramu 190.

Hapa kuna mambo ya kuridhisha. Nishati iko sawa na ya maziwa au imezidi kidogo, yamo mafuta, na sodiamu iko chini. Sodiamu ndiyo hutueleza habari za chumvi: zidisha kwa 2.5 upate chumvi yenyewe. Miligramu 30 kwa gramu 100 ni 57 kwa chupa nzima, na hiyo ni chumvi kama miligramu 140, wakati mtoto wa chini ya mwaka hatakiwi kuvuka gramu 1 ya chumvi kwa siku nzima, maziwa yakiwemo. Kanuni za kimataifa za vyakula vya watoto vya kwenye makopo na chupa huruhusu sodiamu hadi miligramu 200 kwa gramu 100. Mimi binafsi naona huo ni mpaka mlegevu mno, na kwa mtoto wa umri huu nachagua chupa zilizo chini ya 50. Yako imepita.

Jambo lisiloniridhisha ni kuku. Jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa na picha yake imechorwa, lakini asilimia 8 ya gramu 190 ni gramu 15 tu za nyama, kama vijiko vitatu vidogo. Kiwango hicho hakikuja kwa bahati. Kanuni za Ulaya nilizozitaja zinadai nyama isipungue asilimia 10 ikiwa imetajwa ya kwanza katika jina la chakula, na asilimia 8 ikiwa imetajwa lakini si ya kwanza. Kwa hiyo mpangilio wa maneno kwenye jina una maana: "kuku na mboga" inatakiwa iwe na nyama zaidi ya "mboga na kuku". Tazama jina kabla ya picha.

Gramu 100 za nyama ya kuku zina chuma kama miligramu 1 hivi. Gramu 15 zina kama 0.15. Mtoto wa miezi 7 hadi 12 amekadiriwa kuhitaji miligramu 11 kwa siku. Unaona pengo lilivyo. Chupa hii inamfaa kwa nishati, kwa mafuta, kwa chumvi ndogo na kwa ladha ambayo si ya sukari, lakini kwa chuma imemwacha mbali. Hivyo usiihesabu kuwa imemaliza kazi ya siku. Mlo mwingine wa siku hiyohiyo uwe nafaka ya watoto iliyoongezewa chuma, au nyama nyekundu iliyosagwa, au kiini cha yai kilichoiva kabisa, au kunde zilizopondwa na kuondolewa maganda. Na kwa kuwa alizaliwa mapema, huenda kliniki ilimwandikia matone ya chuma. Kama anayatumia, usiyaache kwa sababu ameanza kula. Kama hakuandikiwa, liulize jambo hili katika ziara ijayo, usilipitishe.

Kuna nyongeza ndogo ninayoipenda. Ukipakua gramu 100 za chakula hiki, ongeza nusu ya kijiko kidogo cha chai cha mafuta ya kupikia unayotumia nyumbani. Nusu kijiko ni kilokalori 20 hivi, na chakula kitapanda kutoka 71 hadi karibu 90. Kwa mtoto wa kilo 6.8 mwenye tumbo dogo, hayo si mafuta mengi, na yanampa nguvu bila kumjazia tumbo.

Sasa tuje kwenye vipande, maana najua ndivyo vinavyokuogopesha. Chupa nyingi za kundi hili zina rojo jepesi lenye vipande laini vinavyoelea ndani yake. Kwa mtoto anayeanza, mchanganyiko huo ni mgumu kuliko kipande peke yake na mgumu kuliko rojo peke yake. Majimaji hukimbilia kooni wakati ulimi bado unahangaika na kipande, na mtoto hujikuta anatakiwa kumeza na kutafuna kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu mtoto anaweza kupokea kipande cha kiazi kilichoiva vizuri bila shida, halafu akakohoa kwa chakula cha chupa ambacho kwa macho kinaonekana laini zaidi.

Mimina kiasi utakachompa kwenye bakuli na ukiponde kwa uma mpaka vipande vipotee ndani ya rojo, kibaki kizito chenye chembechembe. Usikisage kwa mashine kikawa kama losheni, kwa sababu zile chembechembe ndizo zinazoufundisha ulimi kazi. Inamisha kijiko: chakula kishikilie kijiko, kidondoke polepole kwa bonge, kisitiririke. Kikiwa kizito mno, kilegeze kwa maziwa yako, usitumie maji, ili usipunguze nguvu yake. Kabla ya kumpa, bonyeza kipande chochote kilichosalia kati ya kidole gumba na cha shahada. Kikipondeka bila kukaza vidole, kinafaa. Kikiteleza au kikirudi umbo lake kama mpira, kitoe.

Wiki ya kwanza ponda chote. Wiki ya pili au ya tatu, akila bila kusukuma chakula nje kwa ulimi, acha sehemu moja ya nne bila kuponda, kisha nusu. Usiende kwa kalenda, nenda naye mwenyewe. Akifikia miezi 8 ya umri uliosahihishwa, yaani baada ya miezi 2 hivi, natarajia awe anakula chupa hii jinsi ilivyo, na pia anashika vipande laini kwa mkono wake.

Utamwona akishtuka, akitoa ulimi, akikohoa na uso kuwa mwekundu, halafu akakirudisha chakula mbele. Huko ni kukirihi koo, kinga ya kawaida ya mtoto wa umri huu, na kwao inaamka mbele zaidi mdomoni kuliko kwetu wakubwa. Ana sauti, anapumua, na baada ya sekunde chache anataka tena. Tulia, usitie kidole mdomoni, maana unaweza kusukuma chakula ndani. Kupaliwa kwa hatari kuko tofauti: hakuna sauti, hawezi kulia wala kukohoa, midomo inabadilika rangi kuelekea bluu. Hapo hakuna kungoja. Mlaze kifudifudi juu ya mkono wako kichwa kikiwa chini ya kifua, mpige kwa kiganja mara tano katikati ya mabega, na aliye karibu aite msaada wa dharura. Omba kliniki wakuonyeshe kwa vitendo hatua zote za huduma hiyo kabla hujahitaji, kwa sababu maelezo ya kusoma hayatoshi mikono ikitetemeka. Na mlishe akiwa amekaa wima, kamwe si akiwa amelala wala akiwa kwenye gari linalotembea.

Kuna kiambato kimoja ambacho nikikiona naikataa chupa bila kuangalia kingine chochote: asali. Kwa mtoto aliye chini ya miezi 12 asali inaweza kubeba mbegu za bakteria ambazo utumbo wake mchanga hauwezi kuzizuia kuota, zikatoa sumu inayolegeza misuli hadi ya kupumulia. Lebo zako zote mbili hazina. Ukiona chupa ya "kuanzia miezi 12" inapendeza, hii ni sababu mojawapo ya kuiheshimu namba hiyo kuliko nyingine, kwa kuwa vyakula vya kundi hilo huweza kuwa na asali, chumvi zaidi, na vipande vya mtoto mwenye meno.

Kuhusu mzio, viambato vya chupa zako havina yai, maziwa ya ng'ombe, ngano, samaki wala karanga. Lakini kwa mtoto aliyeanza kula juzi, chupa yenye viambato saba ina shida yake: akitoka vipele hutajua ni kipi. Kama karoti, viazi na mchele ameshavila bila tatizo, kuku pekee ndiye mgeni, na hapo ni salama kuendelea. Kama hajavila, mpe kiazi na karoti zilizopondwa siku mbili tatu kwanza, kisha ufungue chupa. Yai na karanga laini iliyosagwa navyo hatuvicheleweshi siku hizi, tunavianza kwa kidogo kidogo baada ya miezi 6, kimoja kimoja, asubuhi ili umwangalie mchana kutwa. Akiwa na ukurutu mkali wa ngozi, zungumza na daktari kwanza.

Chupa yenyewe pia ikague. Kitovu cha katikati ya kifuniko kiwe kimebonyea. Ukikigusa kisipande wala kushuka. Unapofungua usikie mlio wa hewa. Isipolia, usimpe hata kama tarehe haijapita. Pakua kwa kijiko safi, na usimlishe moja kwa moja kutoka ndani ya chupa kama hataimaliza, kwa sababu mate yake yakiingia huanza kuulainisha wanga na kupeleka vijidudu, na kesho yake utakuta chakula kimekuwa maji. Kilichobaki chupani bila kuguswa na kijiko cha mdomoni weka kwenye friji, ukimalize ndani ya siku moja au mbili kama lebo inavyosema. Kilichobaki kwenye bakuli mwaga.

Jambo la mwisho ni lile ambalo chupa haiwezi kukuambia. Neno "kuanzia" linakupa mwanzo, halikupi mwisho. Hakuna chupa iliyoandikwa "isizidi miezi 9", na ingekuwa amri yangu, zile za rojo laini zingeandikwa hivyo. Nimewahi kumpokea mtoto wa miezi 11 aliyekua akila chupa za "kuanzia miezi 4" tangu alipoanza. Mama yake hakukosea lebo, mtoto alikuwa amevuka miezi 4 kweli. Lakini alipopewa chembe ya wali laini aliitapika, na kila kijiko chenye bonge alikigeuzia uso. Ilituchukua zaidi ya wiki 6 za kuponda kidogo na kidogo kumfikisha pale alipotakiwa kuwa miezi mitatu nyuma. Uchunguzi uliofuatilia watoto wengi nchini Uingereza ulikuta kwamba waliochelewa kupewa chakula chenye mabonge hadi miezi 10 au zaidi walikuwa na shida zaidi za kula baadaye kuliko walioanza mapema. Kwa hiyo swali la kama chupa inamfaa linahitaji kuulizwa tena kila baada ya wiki chache, hata kwa chupa ileile.

Kwa siku za kwanza, basi, fanya hivi. Mnyonyeshe kama kawaida. Baada ya saa moja hivi, akiwa macho na mchangamfu, mpe vijiko vikubwa vitatu vya mboga na kuku iliyopondwa, yenye yale mafuta, na kisha kijiko kimoja au viwili vya tunda. Jioni mpe nafaka yenye chuma. Milo miwili inatosha sasa, na ndani ya mwezi ifike mitatu. Akigeuza kichwa au kufumba mdomo, ameshiba, usimlazimishe.

Yapo mambo yanayoweza kunifanya nibadilishe jibu hili, na ukiyaona usiendelee na chupa yoyote mpaka aonwe na daktari. Akikohoa karibu kila mlo hata kwa rojo laini, au sauti yake ikawa kama ya mtu mwenye maji kooni baada ya kula, au akipumua kwa mkoromo, au akipata vichomi vya kujirudia, hapo kumeza kwenyewe kunahitaji kupimwa, na kwa aliyezaliwa mapema sipendi lichukuliwe kirahisi. Vilevile akisimama uzito kwa wiki kadhaa licha ya kula. Mpime baada ya wiki 4 za mpango huu, uniandikie uzito wake na jinsi anavyopokea vipande ambavyo hukuviponda, nami nitakuambia kama tuendelee na chupa hii au tuiache tuhamie chakula cha mezani kilichopondwa.